Siku tano za Juni 1960: uchambuzi wa kisa cha Somaliland na utambuzi unaogomewa

Kisa hiki ni cha Somaliland. Nchi haifichiki, kwa hiyo imetajwa kwa jina, lakini wahusika wametajwa kwa vyeo vyao tu. Tumekichagua kwa sababu Somaliland ina karibu kila kitu ambacho sheria ya kimataifa inasema dola iwe nacho, na bado tangu 1991 imebaki kwenye kizingiti. Tunachotaka kuonesha ni kwamba haikukwama kwenye vigezo. Imekwama kwenye swali jingine kabisa, nalo ni la siku tano.

## Usuli

Mkataba unaonukuliwa kila mahali ni wa Montevideo, uliotiwa saini Desemba 1933 na mataifa ya bara la Amerika. Kifungu cha 1 kinataka mambo manne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuwa na uhusiano na dola nyingine. Kifungu cha 3 kinaongeza kwamba dola huwapo hata kabla wengine hawajaitambua. Ukiishia hapo utaona kutambuliwa ni kama wageni wa harusi: ndoa imeshafungwa, wao wanakuja kula pilau.

Mambo hayaendi hivyo, na kasoro imo ndani ya kigezo cha nne. Uwezo wa kuwa na uhusiano na dola nyingine unapimwaje, kama hizo nyingine zimekataa uhusiano? Anayeomba anaambiwa alete ushahidi ambao mwenye kuombwa ndiye anaoushika mkononi. Isitoshe, hakuna mahakama wala ofisi inayopokea maombi ya udola na kutoa cheti. Kila serikali huamua peke yake, kwa maslahi yake, na haidaiwi maelezo. Mlango wa pamoja ni Umoja wa Mataifa, nao una vitasa viwili: kura 9 kati ya 15 za Baraza la Usalama bila turufu ya mmoja wa wakubwa watano, kisha theluthi mbili za Baraza Kuu.

Afrika imeongeza kitasa chake. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwapo nchi zilipopata uhuru. Umoja wa Afrika umeliweka sharti hilo katika kifungu cha 4(b) cha Sheria yake ya Uanzilishi. Somalia wakati ule ililikataa azimio la Cairo, kwa kuwa ilikuwa ikidai Ogaden ya Ethiopia, Djibouti na kaskazini mashariki mwa Kenya, madai yaliyozaa vita vya Shifta. Leo Mogadishu ndiyo inayoling'ang'ania. Cha ajabu, Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, nayo inaling'ang'ania hilohilo.

## Yaliyotokea

Tarehe 26 Juni 1960 eneo lililokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza lilipata uhuru likiitwa Somaliland. Tarehe 1 Julai, Somalia iliyokuwa chini ya udhamini wa Italia nayo ikawa huru, na siku hiyohiyo nchi mbili zikatangazwa kuwa Jamhuri moja ya Somalia. Hizo ndizo siku tano.

Karatasi za muungano ziliandikwa kwa haraka, na hapa inafaa kwenda polepole. Tarehe 27 Juni Bunge la Hargeisa lilipitisha sheria yake ya muungano. Iliandikwa kama mapatano ya pande mbili, yenye nafasi ya saini za wawakilishi wa kusini. Saini hizo hazikuwekwa. Tarehe 30 Juni Bunge la Mogadishu likaafiki, kimsingi tu, hati nyingine yenye maneno tofauti. Kwa hiyo siku ya muungano ilipofika kulikuwa na maandishi mawili, kila moja likiwa na upande wake, na hakuna hata moja lililotiwa saini na pande zote. Januari 1961 bunge la pamoja likatunga sheria mpya ya muungano na kuirudisha nyuma ianze 1 Julai 1960. Ni sawa na wanandoa walioanza kuishi pamoja, kisha cheti kikaandikwa miezi saba baadaye kwa tarehe ya zamani.

Kaskazini iliona mapema kwamba imeingia hasara. Katika kura ya maoni ya katiba, Juni 1961, chama kikubwa cha huko kiliwataka watu wasusie, na wengi wa waliojitokeza walikataa. Desemba mwaka huo maofisa vijana wa jeshi kutoka kaskazini walijaribu kupindua na wakashindwa. Waliposhtakiwa Mogadishu, jaji, Mwingereza, aliwaachia 1963 kwa hoja kwamba muungano haukuwa na hati halali ya kuupa mamlaka juu ya kaskazini. Mawakili wa Hargeisa hawachoki kuitaja hukumu hiyo.

Katika miaka ya 1980 kaskazini iliasi chini ya vuguvugu la SNM. Mwaka 1988 serikali ya kijeshi ya Mogadishu iliupiga mabomu mji wa Hargeisa kwa ndege zilizoruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huohuo. Moja ya ndege za kivita aina ya MiG imesimamishwa juu ya nguzo katikati ya mji hadi leo. Utawala wa Mogadishu ulianguka Januari 1991, na tarehe 18 Mei, katika mkutano wa Burao, wapiganaji na wazee wa koo wakatangaza kwamba Somaliland imerudi katika uhuru wake wa 1960. Neno walilolichagua ni kurudi, wala si kujitenga.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa huo wa neno. Anayejitenga hubadili mipaka, na Afrika imefunga mlango huo. Anayerudi anasema mpaka wangu upo tangu Waingereza, mliutambua 26 Juni 1960, sasa nausimamisha tena. Hargeisa ilitafuta mifano: Syria iliungana na Misri 1958, ikatoka 1961 na kuketi tena kwenye kiti chake cha Umoja wa Mataifa. Senegal na Gambia ziliunda shirikisho 1982 na kulivunja 1989, na hakuna aliyelia kwamba Afrika inabomoka.

Uamuzi wa pili ulikuwa kujenga kwanza, kuomba baadaye. Mkutano wa Borama wa 1993, uliochukua miezi kadhaa na kuongozwa na wazee, uliwapa wazee hao baraza la kudumu, Guurti, ndani ya dola. Wapiganaji walikabidhi silaha kwa utaratibu wa koo. Shilingi ya Somaliland ilianza kutumika 1994. Katiba ilipigiwa kura Mei 2001. Katika uchaguzi wa rais wa 2003 tume ilitangaza tofauti ya kura 80 tu, na aliyeshindwa, baada ya kwenda mahakamani, alikubali. Mwaka 2010, na tena Novemba 2024, rais aliye madarakani alishindwa na kuondoka. Kwa kigezo cha serikali, ziko dola ndani ya Umoja wa Mataifa ambazo zingeona aibu kulinganishwa.

Uamuzi wa tatu ulikuja pale miaka ilipopita bila jibu: kutumia jiografia kama fedha. Mwaka 2016 bandari ya Berbera ilikabidhiwa kampuni ya DP World ya Dubai kwa mkataba wa miaka 30 na uwekezaji wa dola milioni 442. Bunge la Mogadishu liliupinga na 2018 likaipiga kampuni marufuku nchini, lakini meli hazikuacha kutia nanga Berbera. Hapo Hargeisa ilijifunza jambo la kweli: mwekezaji anajali nani anashika lango la bandari, si nani anaketi New York. Ikajaribu kulipeleka somo hilo mbele zaidi, kwa serikali, na huko ndiko lilikogoma.

Tarehe 1 Januari 2024 mjini Addis Ababa, rais wa Somaliland na waziri mkuu wa Ethiopia walitia saini hati ya makubaliano: Ethiopia, isiyo na bahari, ipangishwe ukanda wa pwani kwa miaka 50 kwa ajili ya jeshi lake la majini. Hargeisa ilitangaza kwamba malipo yake ni kutambuliwa. Addis Ababa ilitoa taarifa yake siku mbili baadaye ikisema ingefanya tathmini ya kina kabla ya kuchukua msimamo kuhusu utambuzi. Hati yenyewe haikuchapishwa.

## Matokeo

Mwaka 2005 ujumbe wa Umoja wa Afrika ulikwenda Somaliland kuchunguza. Ripoti yake ilisema muungano wa 1960 haukuwahi kuidhinishwa ipasavyo, kwamba kisa hiki ni cha pekee katika historia ya siasa za Afrika, na kwamba kisitazamwe kama mfano utakaofungua mlango kwa kila anayetaka kujitenga. Desemba mwaka huohuo Hargeisa iliomba uanachama. Ombi halikukataliwa na halikukubaliwa. Liliachwa mezani, na huko ndiko liliko.

Hati ya Addis Ababa ilizaa kinyume. Ndani ya wiki moja rais wa Somalia alisaini sheria ya kuibatilisha, na Misri na Uturuki zikawa upande wake. Desemba 2024 Ethiopia na Somalia zilitoa Tamko la Ankara, Ethiopia ikikubali mamlaka ya Somalia juu ya eneo lake lote na kuahidiwa njia ya bahari kupitia serikali ya Mogadishu. Kabla ya hapo Somalia ilikuwa imeshaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, uanachama ukikamilika Machi 2024, nayo iliingia kwa ramani yake nzima.

Tarehe 26 Desemba 2025 Israeli ikawa mwanachama wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuitambua Somaliland rasmi. Umoja wa Afrika uliupinga uamuzi huo mara moja. Kisheria, utambuzi wa mmoja unafunga mmoja: Israeli sasa haiwezi kusema Somaliland si dola, lakini Kenya, Tanzania au Djibouti hazikubadilishiwa chochote.

## Uchambuzi

Siku tano zinasomwa na pande mbili. Azimio la Cairo linasema mipaka ya wakati wa kupata uhuru. Uhuru upi? Hargeisa inahesabu kuanzia 26 Juni, ambapo mpaka kati yake na Somalia ulikuwa mpaka wa kimataifa. Mogadishu inahesabu kuanzia 1 Julai, ambapo jamhuri iliyozaliwa haikuwa na mpaka huo tena. Maneno ni yaleyale, sheria ni ileile, na hakuna mahakama iliyoombwa kuamua. Kwa maoni yetu hoja ya Hargeisa ina nguvu zaidi kwenye karatasi, kwa sababu ya zile hati mbili zisizokutana. Lakini mpinzani ana jibu ambalo si jepesi: watu waliishi ndani ya muungano kwa miaka 30, wakachagua wabunge wake na kuupatia mawaziri wakuu, na kasoro ya karatasi huzibwa na matendo ya muda mrefu.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshafikiria Zanzibar. Tofauti ni hii: Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na viti viwili Umoja wa Mataifa, na marais wawili walisaini Hati moja ya Muungano Aprili 1964, kisha Umoja wa Mataifa ukaarifiwa kwamba viti viwili sasa ni kimoja. Ubishi wa 2008, waziri mkuu aliposema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, ulihusu mamlaka ndani ya muungano. Somaliland haikuwahi kuketi kwenye kiti chochote. Siku tano hazikutosha hata kuandika barua ya maombi, na Somalia iliingia Umoja wa Mataifa Septemba 1960 ikiwa moja. Ndiyo maana mfano wa Syria unapwaya: Syria ilirudi kwenye kiti kilichokuwa na jina lake.

Ridhaa ya mzazi, yaani dola ambayo mwombaji anatoka ndani yake, ina uzito kuliko vigezo vinne. Eritrea iliingia Umoja wa Mataifa 1993 kwa sababu serikali mpya ya Addis Ababa iliikubali kura ya maoni. Sudan Kusini ilitangaza uhuru 9 Julai 2011 na siku tano baadaye ikawa mwanachama, ilhali mipaka yake haikuwa imechorwa yote na serikali yake ilikuwa changa kupita ile ya Hargeisa. Khartoum ilikuwa imesema ndiyo. Kwa upande wa pili, Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara ni mwanachama wa Umoja wa Afrika ijapokuwa sehemu kubwa ya ardhi yake inashikiliwa na Morocco. Yenyewe inahesabiwa kuwa koloni ambalo halijamalizika kukombolewa. Somaliland inahesabiwa kuwa imeshakombolewa ndani ya Somalia. Kwa hiyo mmoja ana kiti bila ardhi, na mwingine ana ardhi bila kiti.

Hargeisa haikuitafuta ridhaa ya Mogadishu kwa dhati. Mazungumzo yaliyoanza 2012 yalifanyika kwa vipindi na kukatika, na kila upande ulirudi nyumbani kuwaambia wananchi wake kwamba haukulegeza lolote. Inaeleweka: kuomba talaka ni kukiri ndoa. Lakini bila hiyo, kila serikali ya tatu inayofikiria kuitambua Somaliland inabaki kujiuliza kama iko tayari kugombana na Mogadishu, Cairo na Ankara kwa mpigo.

Matendo mengi yanayoonekana kama utambuzi si utambuzi. Kosa hili linawapata hata waandishi wazoefu. Ubalozi mdogo hautoshi: Uturuki ina ubalozi mdogo Hargeisa na bado inasimama na Mogadishu. Ofisi ya uhusiano haitoshi, mkataba wa bandari hautoshi, na kugonga muhuri kwenye pasipoti ya msafiri hakutoshi. Angalia mambo matatu. Je, taarifa imetumia jina "Jamhuri ya Somaliland", au imesema "serikali ya" au "mamlaka za" Somaliland? Je, kuna balozi aliyewasilisha hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi, au kuna mwakilishi tu? Na je, taarifa ina sentensi ya kuheshimu umoja wa ardhi ya Somalia? Ikiwa sentensi hiyo imo, mengine yote ni biashara.

Kenya ni mfano wa karibu. Desemba 2020 rais wa Somaliland alipokewa Nairobi, na tamko la pamoja likaahidi ubalozi mdogo wa Kenya Hargeisa na safari za ndege za moja kwa moja. Siku iliyofuata Mogadishu ilivunja uhusiano na Nairobi, uliokuwa umeshachacha kwa sababu ya Jubaland, jimbo la Somalia linalopakana na Kenya, na haukurejea hadi Mei 2021. Kenya haikuwa imetambua chochote. Ililipa bei ya utambuzi bila kuutoa, na Hargeisa ilipata picha za zulia jekundu bila kupata haki hata moja. Hati ya Addis Ababa ilikuwa na kasoro hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Utambuzi uliotangazwa kabla haujaandikwa ulimpa mpinzani mwaka mzima wa kuuzima.

Kigezo cha eneo ndicho kilichopasuka. Sheria haidai kila inchi ya mpaka iwe imetulia. Inadai kiini cha ardhi kinachotawaliwa kweli. Kwa Hargeisa, Berbera na Burao hakuna shaka. Mashariki, katika Sool na sehemu za Sanaag, mpaka wa Waingereza unapita katikati ya watu ambao wengi wao hawakuwa na SNM na hawakuridhika na tangazo la 1991. Hargeisa iliuchukua mji wa Las Anod 2007. Mapema 2023 mapigano yalianza, mji ukapigwa mizinga, na Agosti mwaka huo jeshi la Somaliland liliondolewa kwenye kambi yake ya Goojacade nje ya mji. Oktoba 2023 Mogadishu ikautambua utawala wa wenyeji, SSC-Khaatumo.

Hasara ya kijeshi ni ndogo kuliko hasara ya hoja. Dai zima la Hargeisa limesimama juu ya mpaka wa 26 Juni 1960, na Las Anod imo ndani ya mpaka huo. Ikiuachia, imekubali kwamba mpaka unaweza kufuata matakwa ya wakazi, na hapo haina tena mpaka wa kikoloni wa kuuonesha Umoja wa Afrika. Ikiung'ang'ania, inawapiga watu wanaosema kwamba waliingizwa kwenye nchi ambayo hawakuitia saini.